Wanga, Protini na Mafuta Katika Sahani ya Ugali, Sukuma Wiki na Samaki

Muulize mtu yeyote anayekula kando ya ziwa, Kisumu au Mwanza, kilichomo katika sahani ya ugali, sukuma wiki na samaki mzima wa kukaanga. Atakujibu bila kusita: ugali ni wanga, samaki ni protini, mboga ni vitamini. Jibu hilo ni sahihi, ila halimfikishi mbali mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa kliniki ahesabu wanga wake, wala mzazi anayetaka kujua kama mwanawe mchezaji anapata protini ya kutosha. Hao wanauliza habari ya kiasi. Kati ya nguvu yote inayotoka katika sahani hii, fungu la wanga ni lipi, la protini ni lipi, na la mafuta ni lipi? Swali hilo linajibika ukiwa jikoni, kwa mizani ndogo, kalamu na subira kidogo.

Msingi wa hesabu ni tarakimu tatu tu. Gramu moja ya wanga humpa mwili takribani kilokalori 4, gramu ya protini 4 vilevile, na gramu ya mafuta 9. Tarakimu hizi zinatokana na kazi ya mkemia Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo ndizo zinazotumika kwenye vifungashio vya vyakula. Kwa hiyo ukijua gramu za kila kirutubisho, unazidisha, unajumlisha, kisha unatafuta asilimia. Gramu zenyewe unazitafuta katika majedwali ya vyakula. Kenya ina lake lililochapishwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na Tanzania ina lake la mwaka 2008. Jedwali la namna hiyo hukuonyesha gramu ngapi za protini, mafuta na wanga zimo katika gramu 100 za chakula fulani.

Ugumu unaanzia hapo hapo, kwenye hizo gramu 100. Ni gramu 100 za nini? Unga uliomo mfukoni, au ugali uliokwisha kusongwa? Samaki mbichi aliyetoka mtegoni, au yule aliyetoka kwenye mafuta? Chakula kikiingia sufuriani hubadilika uzito, na katika sahani yetu mabadiliko hayo hayaendi upande mmoja. Unga hunywa maji ukawa mzito karibu mara tatu. Samaki hupoteza maji, na papo hapo hunywa mafuta. Sukuma wiki hunywea ikawa kidogo, na mafuta yaliyomiminwa yakabaki juu ya majani yake. Anayekadiria vibaya, mara nyingi, amechanganya kibichi na kilichoiva.

Tuchukue jiko la watu wanne. Mpishi amepima nusu kilo ya unga mweupe wa mahindi uliokobolewa, ule ambao Tanzania huitwa sembe, na lita moja ya maji. Kabla ya kuanza amepima sufuria tupu na kuandika uzito wake. Ameusonga ugali mpaka umeiva, kisha amepima sufuria ikiwa na ugali ndani na kutoa uzito wa sufuria. Amepata gramu 1,400. Unga na maji vilikuwa gramu 1,500 kwa jumla, kwa hiyo gramu 100 zimeondoka na mvuke. Sasa anajua jambo muhimu kuliko yote kuhusu ugali wake: katika kila gramu 1,400 za ugali mna gramu 500 za unga, yaani karibu asilimia 36. Yaliyobaki ni maji aliyoyaongeza.

Mlaji wetu amekatiwa kipande cha gramu 420. Hiyo ni asilimia 30 ya ugali wote, kwa hiyo amekula asilimia 30 ya unga, nayo ni gramu 150. Unga wa aina hii huwa na protini takribani asilimia 8, mafuta asilimia 2 na wanga asilimia 76. Zidisha: protini gramu 12, mafuta gramu 3, wanga gramu 114.

Sasa tazama kinachotokea kwa mtu aliyesoma jedwali la unga, akaweka ugali kwenye mizani, akaona 420, akazidisha moja kwa moja kwa asilimia 76. Anapata gramu 319 za wanga. Amekosea karibu mara tatu, na kosa lenyewe halionekani kwa sababu kila hatua aliyopitia inaonekana ya halali. Namna ya kulitambua ni rahisi: kadirio lolote linalosema ugali wa mtu mmoja una kilokalori 1,500 linamaanisha kwamba mtu huyo amekula zaidi ya gramu 400 za unga mkavu. Pima gramu 400 za unga kwenye bakuli uzitazame, kisha ujiulize kama kweli zilikuwa kwenye ile sahani.

Ugumu wa ugali nao una neno. Ugali mgumu, wa kushika kwenye tonge bila kunata, unaweza kufika asilimia 40 ya unga. Ulio laini unaweza kushuka hadi 30. Kwa kipande kile kile cha gramu 420, wanga utakuwa gramu 128 kwa huo mgumu na 96 kwa huo laini. Ndiyo maana namba ya ugali iliyopimwa katika jiko la mwingine haiwezi kukufaa sana. Upime wako mara moja, na kama mpishi ni yule yule na kipimo chake cha unga na maji hakibadiliki, namba hiyo itakutumikia muda mrefu. Ukoko uliobaki sufuriani usikusumbue. Ni mkavu, una unga mwingi kuliko ugali wenyewe kwa uzito ule ule, lakini kwa kawaida ni kidogo usiweze kuibadili hesabu kwa kiasi cha kujali.

Aina ya unga inabadili zaidi. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, hubaki na kiini, na kiini ndicho chenye mafuta mengi ya punje. Gramu 150 za dona zina mafuta karibu gramu 6 badala ya 3, na wanga unaosagika tumboni karibu gramu 100 badala ya 114, kwa sababu nafasi imechukuliwa na nyuzinyuzi. Hapa ni lazima uangalie jedwali lako linavyohesabu. Wanga katika majedwali mengi haukupimwa moja kwa moja. Ni kile kinachobaki baada ya kutoa maji, protini, mafuta na majivu. Majedwali mengine yanatoa na nyuzinyuzi pia, mengine yanaziacha ndani ya wanga. Kwa unga mweupe tofauti ni ndogo. Kwa dona ni zaidi ya gramu 10 kwa sahani. Na ule ugali wa rangi ya udongo unaochanganywa muhogo una protini kidogo zaidi, maana unga wa muhogo una protini ya asilimia 1 au 2 tu.

Tuje kwa samaki. Ni ngege, au sato kama wanavyomwita Mwanza, ameparuliwa magamba na kutolewa matumbo, akabaki na gramu 400. Amechanjwa ubavuni, akapakwa chumvi, akatumbukizwa katika mafuta ya moto mpaka amekuwa na rangi ya dhahabu. Akitoka ana gramu 280. Zile gramu 120 zilizopotea ni maji, na kwa kweli maji yaliyotoka ni zaidi ya hapo, kwa kuwa mafuta yameingia kushika sehemu ya nafasi yao.

Hapa kosa linakuja kwa njia nyingine. Samaki ana kichwa, mapezi na uti wa mgongo, na vyote hivyo vimo kwenye zile gramu 280. Dawa yake ni kungoja mlaji amalize. Kusanya mifupa na kichwa alivyoviacha, uvipime. Tuseme ni gramu 120. Basi mlaji amekula gramu 160 za nyama na ngozi. Njia hii ina uzuri mmoja ambao jedwali halina: inahesabu alichokula mtu huyu hasa. Kuna anayenyonya kichwa mpaka mashavu yaishe, na kuna anayeacha nusu ya nyama kwenye mbavu kwa kuogopa mifupa. Samaki ni mmoja, ila protini waliyoipata haifanani.

Nyama mbichi ya ngege ina protini karibu asilimia 20 na mafuta chini ya asilimia 2, na haina wanga. Ikikaangwa, maji yakipungua, protini ile ile inajikusanya katika uzito mdogo, na asilimia inapanda hadi 25 hivi. Gramu 160 zina protini gramu 40. Ungetumia asilimia ya samaki mbichi kwa uzito wa samaki aliyekaangwa, ungepata 32, pungufu ya gramu 8. Kwenye ugali kuchanganya kibichi na kilichoiva kuliongeza. Kwenye samaki kunapunguza. Kwa hiyo usitegemee kwamba makosa mawili yatafutana, maana yanagusa virutubisho tofauti.

Yamebaki mafuta ya kukaangia, na hapa ndipo pazito kuliko pote. Mafuta hayaingii sana ndani ya samaki wakati anachemka kikaangoni. Mvuke unaotoka kwenye nyama huyasukuma nje. Viputo vile unavyoviona ni maji yakikimbia. Samaki anapotolewa na kuanza kupoa, mvuke unapungua, na mafuta yaliyoshika juu ya ngozi na ndani ya michanjo huvutwa kwenda ndani. Samaki aliyewekwa juu ya waya akachuruzika akiwa bado wa moto hubaki na mafuta machache kuliko aliyelazwa kwenye sahani bapa juu ya mafuta yake mwenyewe. Michanjo mingi huongeza sehemu ya kushika mafuta, na unga wa kupaka kabla ya kukaanga huongeza zaidi, tena huleta wanga kidogo ambao mahesabu mengi husahau.

Kuyapima kunawezekana. Mpishi wetu alipima mafuta kabla ya kukaanga, akapata gramu 1,000. Baada ya samaki wanne alisubiri yapoe, akayapima tena na masalia yake: gramu 930. Yamepungua 70. Akapima sinia la kuchujia, kabla na baada, na kile kilichorukia jikoni akakikadiria. Vyote pamoja gramu 20. Zimebaki 50 kwa samaki wanne, takribani 12 kwa kila mmoja. Ongeza gramu 4 hivi za mafuta ya samaki mwenyewe, unapata 16. Maji ya samaki yanayodondoka kwenye mafuta hugeuka mvuke na kuondoka, kwa hiyo hayaharibu kipimo ilmradi mafuta yamechemka mpaka viputo vimetulia.

Sukuma wiki haina mengi ya kueleza, mpaka ufike kwenye chupa. Mpishi ametumia gramu 600 za majani yaliyokatwa, nyanya na vitunguu, kwa watu wanne. Majani hayo ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Fungu la mlaji mmoja, gramu 150 za majani mabichi pamoja na nyanya na kitunguu chake, linampa protini karibu gramu 5 na wanga gramu 8. Mafuta ya majani yenyewe hayafiki gramu moja. Lakini mpishi alianza kwa kumimina vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa ni karibu gramu 14, vitatu ni 42, na fungu la kila mtu linapita kidogo gramu 10. Jumla ya mafuta kwa mlaji wetu tuiweke 11. Ukitazama mahali nguvu inapotoka, mboga hii imempa kilokalori 151, na 99 kati ya hizo ni mafuta. Ndiyo maana nasikitika kuona kadirio la mtu lililoandika sukuma wiki kuwa na kilokalori 50 kwa sababu alisoma mstari wa majani mabichi. Chupa ipimwe kabla na baada, basi. Ni sekunde chache.

Sasa tujumlishe sahani. Protini: 12 za ugali, 5 za mboga na 40 za samaki, jumla 57. Mafuta: 3, 11 na 16, jumla 30. Wanga: 114 na 8, jumla 122. Kwa kilokalori, protini ni 228, mafuta 270, wanga 488, na sahani nzima ni 986. Kwa asilimia ya nguvu: wanga 50, mafuta 27, protini 23.

Zingatia kwamba nimegawanya nguvu, sikugawanya gramu. Mtu akichukua gramu 122, 57 na 30 akazigawanya kwa jumla yake atasema mafuta ni asilimia 14 tu ya chakula, na atalala akiwa na amani asiyostahili. Ukisoma ushauri wowote wa lishe unaotaja mgawanyo kwa asilimia, karibu kila mara ni asilimia ya nguvu.

Namba hizo tatu zinaweza kutegemewa kiasi gani? Tuzijaribu. Tuache ugali vilevile na samaki vilevile, tubadili mafuta peke yake. Mpishi mwangalifu aliyetumia kijiko kimoja na nusu kwenye mboga na kumchuruzisha samaki vizuri anaweza kushusha mafuta yote ya sahani hadi gramu 18. Mgawanyo unakuwa wanga 56, protini 26, mafuta 18. Mpishi wa kibandani anayemimina mboga kwa mkono mwepesi, akamkaanga samaki mara ya pili kumpasha moto mteja alipofika, anaweza kuifikisha 47. Hapo wanga ni 43, mafuta 37, protini 20, na sahani imepanda kutoka kilokalori 878 hadi 1,139. Machoni sahani hizo mbili zinafanana. Kipande cha ugali ni kile kile, samaki ni yule yule, mboga ina ung'avu zaidi kidogo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba sahani hii ina mafuta asilimia 27.4, nukta nne hiyo haina kazi. Mwache aseme kati ya robo na theluthi, na aeleze amelipimaje. Ukitaka kuboresha kadirio lako, muda wako utumie kwenye mafuta kabla ya kuhangaika na aina ya nyanya.

Kwa mwenye kisukari mambo yanageuka. Yeye anafuata wanga, na katika sahani hii gramu 114 kati ya 122 zinatoka kwenye ugali. Hahitaji kupima mboga wala samaki ambaye hakupakwa unga. Anahitaji kuujua ugali wake. Akiwa nyumbani ana mizani. Akiwa kwa watu ana mkono. Siku moja nyumbani amege matonge kumi kama anavyomega siku zote, ayaweke bakulini na kuyapima. Kama yametoka gramu 300, tonge lake ni gramu 30, na kwa ugali wa asilimia 36 ya unga kila tonge lina wanga wa gramu 8 hivi. Ile sahani ya gramu 420 ni matonge 14. Hotelini anaweza kuhesabu matonge, akijua kwamba ugali wa pale ukiwa laini kuliko wa kwake atakuwa ametia chumvi kidogo kwenye hesabu, na ukiwa mgumu zaidi atakuwa amepunguza.

Anayefuata protini atazame samaki. Gramu 40 kati ya 57 ni zake. Mwondoe kwenye sahani, zibaki ugali na mboga ya mafuta, na protini inashuka hadi gramu 17. Mgawanyo unakuwa wanga 72, mafuta 18, protini 10. Tena protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya viungo vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na samaki anayo kwa wingi. Katika nyumba ambako samaki mmoja wa gramu 400 hugawanywa kwa watoto wawili, kila mmoja akipata nusu, protini ya samaki ni gramu 20 kwa kila sahani iwapo nyama imegawanywa sawa. Aliyepewa upande wa mkia hana mifupa mingi ila ana nyama nyembamba. Aliyepewa upande wa kichwa ana nyama nene ya mgongo na mifupa mingi ya kuchambua. Wapimie wote wawili mifupa waliyoiacha baada ya kula, kila mtoto na yake, ndipo utajua nusu hizo zilikuwa sawa kweli.